Lori la mke wa mwenyekiti limejificha kwenye gharama za uendeshaji



Desemba iliyopita nilipanda kwa bibi, huko juu kwenye kihamba, kama Wachaga wote wanavyopanda. Nilimkuta ana karatasi amezikunja nne amezifungia kwenye ncha ya kanga. Ni hesabu za chama chao cha msingi cha kahawa, walizogawiwa kwenye mkutano mkuu. Akaniambia, "Wewe si unasoma sheria? Hebu niambie hizi hela zimeenda wapi." Shikamoo yangu hata hakuiitikia vizuri.

Nikasoma. Hesabu zilikuwa safi. Nasema safi kwa maana ya kwamba kila namba ilijumlishwa sawasawa, mapato yalikuwepo, mizania ilikaa sawa, na ukurasa wa mbele ulikuwa na saini ya mkaguzi. Ila kulikuwa na mstari mmoja uliosomeka "Gharama za uendeshaji", na mbele yake shilingi 31,700,000. Basi. Hakuna kilichofafanuliwa zaidi ya hapo. (Namba zote za chama nimezizungusha makusudi na jina silitaji, maana nia yangu si kuwaanika watu wa kijijini kwetu. Ila mchezo wenyewe ni huo huo.)

Sasa bibi ana jambo ambalo mkaguzi hana. Bibi anamjua mwenye lori. Lori linalobeba kahawa yao kuishusha mjini kwenye kinu lina jina la kampuni ubavuni, na kijiji kizima kinajua hiyo kampuni ni ya mke wa mwenyekiti wa bodi. Mimi sikutaka kutegemea maneno ya kijijini, nikaingia kwenye mfumo wa BRELA nikaomba taarifa za kampuni. Kweli, mwenye hisa nyingi ni mama huyo, na mkurugenzi mwenzake ni mtoto wao wa kiume. Nikaomba tena kwa katibu wa chama, kwa adabu zote, nione vocha za usafirishaji. Alinionyesha, nashukuru. Kilo 60,000 za kahawa ya maganda zimebebwa kwa shilingi 150 kwa kilo. Shilingi 9,000,000. Risiti za EFD zipo. Mkataba upo. Kikao cha bodi kilichopitisha kina muhtasari wenye saini.

Nikawauliza wenye malori mengine wawili, wanaobeba ndizi na kahawa njia hiyo hiyo. Wakasema shilingi 90, na mmoja akasema hata 85 anapiga kama mzigo ni wa msimu mzima. Tuchukue 90. Kilo 60,000 kwa 90 ni shilingi 5,400,000. Tofauti ni 3,600,000, yaani shilingi 60 kwa kila kilo iliyopita kwenye lori lile. Bibi alipeleka kilo 240. Kwake yeye ni shilingi 14,400. Utasema ni hela ndogo. Kwa bibi yangu ni karo ya mjukuu ya vipande vipande, na ndiyo maana mchezo huu unadumu: kila mmoja anapoteza kidogo kiasi kwamba hakuna wa kwenda mahakamani, na upande wa pili kuna mmoja anayekusanya vyote.

Hapa nataka tuelewane jambo moja, maana kwenye magrupu yetu ya WhatsApp tunarukia neno "wizi" haraka sana. Mimi sijasema mwenyekiti ameiba. Inawezekana lori lake ndilo pekee linalokubali kupanda ile barabara Aprili ikinyesha. Inawezekana anawasubiri wakulima bila kudai malipo ya mwanzo. Kufanya biashara na ndugu si kosa kisheria. Kwenye vijiji vyetu, ukikataza chama kufanya biashara na ndugu wa wajumbe wa bodi, utakosa wa kufanya naye biashara kabisa. Ninachosema ni kwamba wanachama 400 walikaa kwenye mkutano, wakasomewa namba ya milioni 31.7, wakapiga makofi na kuipitisha, bila karatasi ile kuwaambia kwamba milioni 9 kati ya hizo zimeenda nyumbani kwa aliyekuwa anaongoza mkutano.

Kuna kanuni ya jambo hili, na si ya jana. Kiwango cha kimataifa cha hesabu namba 24, kinachoandikwa IAS 24, kilitolewa mara ya kwanza mwaka 1984, na sura yake ya sasa ni ya mwaka 2009. Tanzania tunafuata viwango hivi vya kimataifa tangu 2004, kwa maelekezo ya bodi ya wahasibu, NBAA. Taasisi ndogo wana toleo lao jepesi zaidi, na humo jambo hili liko sehemu ya 33. Kinahusu "wahusika wenye uhusiano": watu na kampuni ambazo ziko karibu na taasisi kiasi kwamba biashara baina yao inaweza isiwe ya kawaida ya sokoni.

Nani anaingia humo? Wakurugenzi na wale wote wenye mamlaka ya kupanga na kuongoza taasisi. Wenza wao wa ndoa au wanaoishi nao. Watoto wao, na watoto wa wenza wao. Wanaowategemea. Kisha kampuni yoyote ambayo mmoja wa hao anaidhibiti. Lori letu linaingia bila ubishi: kampuni inadhibitiwa na mke wa mjumbe wa bodi.

Halafu hapa ndipo panaponifurahisha kama mwanafunzi wa sheria. Watu wengi, hata wahasibu, husoma ile orodha ya mke na watoto wakadhani imeishia hapo. Wanasema shemeji hayumo, mjomba hayumo, basi hakuna cha kuonyesha. Kiwango chenyewe hakisemi hivyo. Kinasema jamaa wa karibu ni wale wanaoweza kutarajiwa kumshawishi mtu huyo au kushawishiwa naye katika shughuli zake na taasisi, na hao waliotajwa ni wale ambao hakuna haja hata ya kuuliza. Kwa wengine unauliza. Kipimo ni ushawishi. Sasa uje Uchagani unieleze kwamba kaka mkubwa aliyemsomesha mwenyekiti mpaka chuo, na ambaye leo ndiye mwenye kauli kwenye ukoo, hana ushawishi juu yake! Ukibadilisha jina la mwenye kampuni kutoka kwa mke kwenda kwa kaka, hujatoka kwenye kanuni. Umehama tu kutoka kwenye orodha kwenda kwenye swali.

Tuwe wa haki vilevile upande wa pili. Kampuni mbili kuwa na mkurugenzi mmoja anayefanana, peke yake, haizifanyi kuwa na uhusiano kwa mujibu wa kiwango. Wala muuzaji mkubwa wa mbolea ambaye chama kinamtegemea haingii humo eti kwa sababu tu ni mkubwa. Nayasema haya kwa sababu nimeona vijana wetu wakipita mitandaoni na picha za nyaraka za BRELA, wameviringisha duara jekundu kwenye jina linalofanana, wakatangaza ufisadi. Kesho yake mtu anawajibu kwa aya mbili na tunaaibika wote.

Sasa, kipi kinatakiwa kuonyeshwa? Tukichukua lori letu, kwenye maelezo ya hesabu, yale ya kurasa za nyuma ambazo hakuna anayezisoma, palitakiwa kuwa na sehemu yake peke yake. Iseme kwamba kampuni ya usafirishaji inadhibitiwa na mke wa mjumbe wa bodi. Iseme huduma ilikuwa usafirishaji wa kahawa, na kiasi kilicholipwa mwaka ule ni shilingi 9,000,000. Iseme mpaka mwisho wa mwaka chama kinadaiwa kiasi gani na kampuni hiyo, au kinaidai. Iseme masharti: malipo siku ngapi, kuna dhamana au hakuna. Na kama kuna deni la upande wa ndugu ambalo chama kimekata tamaa kulipwa na kulifuta, hilo nalo liandikwe. Ni mistari minne au mitano. Ingechukua robo ya ukurasa.

Kwa nini sehemu yake, si kuchanganywa na wengine? Kwa sababu mkaguzi akikagua vocha moja moja, kila kitu kitakubali. Risiti halali, saini halali, lori kweli lilibeba mzigo. Kasoro haiko kwenye karatasi yoyote. Iko kati ya karatasi mbili ambazo hazikai kwenye faili moja: muhtasari wa bodi na cheti cha ndoa. Ndiyo maana kiwango kinataka hata makundi yenyewe yatenganishwe. Miamala na viongozi wakuu inakuwa na kundi lake, kampuni tanzu zina lake, wahusika wengine wana lao. Ukiweka vyote kwenye chungu kimoja, umetimiza neno la kanuni na kuua maana yake.

Rudi kwenye zile karatasi za bibi. Kulikuwa na jambo la pili ambalo sikuliona mpaka nilipofungua daftari la fedha. Katikati ya msimu mwenyekiti alikopeshwa na chama shilingi 4,000,000. Siku tatu kabla ya mwaka wa hesabu kufungwa, akazirudisha zote. Wiki ya pili ya mwaka mpya akazichukua tena, kiasi kile kile. Kwenye mizania, deni la mwenyekiti ni sifuri. Na sifuri hiyo ni ya kweli! Siku ile ya kufunga hesabu hakuwa anadaiwa hata senti. Kwa hiyo ukiuliza tu "mwenyekiti anadaiwa?" utajibiwa hapana na utaondoka umeridhika. Swali lenye meno ni: katika mwaka mzima, kiasi gani kimetoka kwenda kwake na kiasi gani kimerudi? Kiwango kinataka vyote viwili, miamala ya mwaka na salio la mwisho.

Jambo la tatu ni lugha. Katibu aliponiona nimekunja uso alinijibu, "Dada, mbona ni bei ya soko ile?" Ni jibu la kila mahali, utalikuta hata kwenye ripoti za kampuni kubwa zilizoko kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam. Lakini kanuni inasema huruhusiwi kuandika kwamba masharti yalikuwa sawa na ya watu wasiohusiana isipokuwa unaweza kuthibitisha. Uthibitisho hapa ungekuwa nukuu tatu za bei za wenye malori, zenye tarehe za kabla ya mkataba. Nikaziomba. Hazikuwepo.

Wengine mtasema haya ni mambo ya vijijini. Basi twendeni Nairobi.

Aprili 2016 benki ya Chase ilianguka Kenya. Haikuwa duka la pembeni, ilikuwa benki ya kisasa yenye wateja wengi wafanyabiashara. Hesabu zake za mwaka 2015 zilitoka matoleo mawili ndani ya muda mfupi. Katika toleo lililosahihishwa, mikopo kwa wakurugenzi, wenye hisa na washirika wao ilisimama kwenye takriban shilingi bilioni 13.6 za Kenya. Katika toleo la mwanzo ilikuwa chini kwa karibu bilioni 8. Hizo bilioni 8 hazikuokotwa barabarani. Kwa kiasi kikubwa zilikuwa vitabuni tangu awali, ila zilikaa chini ya jina jingine. Mvutano ulihusu uwekezaji uliofanywa kwa mpango wa musharaka, kama uhesabiwe mali ya benki au mikopo ya watu wa ndani. Kilichobadilika zaidi ni mstari ziliposomeka.

Na mstari huo ulikuwa na uzito, kwa sababu kanuni za Benki Kuu ya Kenya zinaweka ukomo. Mtu mmoja wa ndani asikopeshwe zaidi ya asilimia 20 ya mtaji wa msingi wa benki, na wote kwa pamoja wasizidi asilimia 100 ya mtaji huo. Ukomo kama huo hauwezi kupimwa kama mikopo haijatengwa. Msimamizi anajumlisha anachoonyeshwa.

Tarehe 6 Aprili mwenyekiti na mkurugenzi mkuu waliachia nafasi zao. Habari zikaenea kwenye simu, wateja wakakimbilia fedha zao, na tarehe 7 Benki Kuu ikaiweka benki chini ya usimamizi. Ilifunguliwa tena tarehe 27 mwezi huo huo chini ya KCB, na mteja akaruhusiwa kuchukua mpaka shilingi milioni 1 za Kenya. Aliyekuwa na zaidi akasubiri. Agosti 2018 benki ya SBM ikachukua sehemu ya mali, pamoja na asilimia 75 ya amana zilizokuwa zimezuiwa. Miaka miwili na zaidi, na bado robo ikabaki nyuma.

Tofauti ya Chase na chama cha bibi ni sifuri kadhaa. Ugonjwa ni mmoja.

Hapa kwetu sheria ya makampuni ya mwaka 2002 inamtaka mkurugenzi mwenye maslahi katika mkataba ayatangaze kwenye kikao cha bodi. Vizuri. Ila ona hiyo inamwambia nani: inawaambia wajumbe wenzake, ndani ya chumba. Mwanahisa na mwanachama hawapo pale. Kwenye chama cha bibi, mwenyekiti anaapa alitangaza, na pengine kweli alitangaza. Wenzake walijua, kijiji kilijua, hata mimi sasa najua. Kutangaza kwenye bodi na kuonyesha kwenye hesabu ni wajibu mbili tofauti, na ukitimiza mmoja hujafuta mwingine. Hapa wanasheria na wahasibu huwa wanarushiana mpira, kila mmoja anadhani mwenzake ameshughulikia.

Halmashauri nazo zina kiwango chao cha sekta ya umma, IPSAS 20, kinachofanana na hiki kwa msingi wake. Madiwani, mkipewa kitabu cha hesabu, msiishie kwenye hati ya mkaguzi. Nendeni nyuma mtafute maelezo ya wahusika wenye uhusiano. Mkikuta yana posho na mishahara ya wakuu wa idara peke yake, mwaka baada ya mwaka, bila hata muamala mmoja wa kampuni ya jamaa, mna haki ya kuuliza orodha ile iliandaliwaje. Kwa kawaida kila kiongozi anatakiwa ajaze fomu ya kutaja maslahi yake na ya jamaa zake, kisha mhasibu ayalinganishe majina hayo na orodha ya wazabuni. Ombeni kuona fomu. Kama hakuna fomu, maelezo yale yameandikwa kwa kukumbuka tu, na hakuna mhasibu wa halmashauri atakayekumbuka kampuni ya mke wa bosi wake.

Na sisi wenyewe je? Nimeambiwa nisiandike hili. Naandika. Kwenye kampeni moja nilijitolea kusaidia kuandika matumizi ya tawi letu la vijana. Fulana zilichapwa kwenye duka la mke wa mmoja wa viongozi wetu. Bei ilikuwa nzuri, nadhani ilikuwa chini kuliko mjini. Nikaiandika kwenye daftari hivi: "Fulana, duka la mke wa" na cheo cha kiongozi. Nikaitwa pembeni nikaambiwa nifute maneno hayo, niache "Fulana" peke yake, eti naleta picha mbaya. Bei ilikuwa upande wetu, risiti ilikuwepo, na bado tulijificha! Nilikataa kufuta, na sijaitwa tena kuandika matumizi.

Ndiyo maana sina ujasiri wa kumcheka mwenyekiti wa bibi. Nilimwandikia barua ya ukurasa mmoja, kwa jina la bibi kwa kuwa mimi si mwanachama, nakala kwa afisa ushirika wa wilaya. Haimtuhumu mtu. Inaomba mambo mawili kwenye hesabu zijazo: sehemu ya pekee ya miamala na wajumbe wa bodi na jamaa zao, ikionyesha ya mwaka mzima na salio, na nukuu tatu za bei kabla mkataba wa lori haujasainiwa tena.

Mwenyekiti alimjibu bibi kanisani, mbele ya watu, kwamba mjukuu wake ameharibiwa na siasa. Bibi akamwambia, "Sawa baba, ila swali lake umelisikia." Mkutano ujao ameniagiza nimchapishie lile swali kwa herufi kubwa, maana miwani yake imevunjika na hataki kusomewa na mtu mwingine.